Invoisi imelipwa mara mbili: uombe hela irudi au ukate kwenye ijayo?

Mnaoshughulika na malipo ya masaplaya mtanielewa. Kuna siku unafungua stetimenti ya saplaya unailinganisha na leja yako, unakuta yeye anasema anakudai kidogo kuliko unavyojua wewe, na hakuna punguzo lolote alilokupa. Mara nyingi hapo ujue kuna invoisi imelipwa mara mbili. Halafu ofisini yanaanza yale yale ya kila mahali, mmoja anasema waandikieni barua warudishe hela, mwingine anasema usumbufu wa nini, si tunakata tu kwenye invoisi ijayo, na bosi anachukua ile inayosikika rahisi. Nimeshaona njia zote mbili zikifanya kazi na nimeziona zote mbili zikikwama, ila kuna kesi moja ndiyo iliyonifungua macho vizuri kwa hiyo nitaieleza hiyo kwa kirefu.

Saplaya alikuwa wa maboksi ya kufungashia. Kwa kawaida tulikuwa tunanunua kwake kidogo kidogo, invoisi za 300,000 hadi 400,000 kwa mwezi, ila kukawa na oda moja kubwa ya mradi maalumu wa mteja, ikaja invoisi ya 1,150,000, yaani mzigo 1,000,000 na kodi ya ongezeko la thamani 150,000. Invoisi ilitumwa kwanza kwa imeili, PDF, ikaingizwa kwenye mfumo kwa namba kamili kama ilivyoandikwa, `INV-00387`, ikalipwa kwenye bechi ya mwisho wa mwezi. Mpaka hapo safi kabisa.

Tatizo likaanzia kwenye kitu kidogo ambacho watu wengi hawakihesabu kama chanzo. Malipo yalitoka benki lakini yale maelezo ya malipo, ile karatasi inayomwambia saplaya hela hii ni ya invoisi ipi, hayakumfikia. Kwa hiyo kule kwake hela iliingia, wakaiweka pembeni kama malipo yasiyojulikana ni ya invoisi gani, na invoisi yenyewe ikabaki wazi kwamba haijalipwa. Mtu wao wa kufuatilia madeni akaona 1,150,000 imepita muda wake akapiga simu, akapigia watu wetu wa manunuzi, si sisi wa fedha. Wa manunuzi wakaenda stoo wakachukua invoisi ya karatasi iliyokuja na delivari noti, wakaileta na muhuri wa haraka, ikaingizwa na mtu mwingine kwa namba `387`. Mfumo ukaangalia saplaya, ukaangalia namba ya invoisi, ukaona `387` na `INV-00387` ni vitu viwili tofauti, ukaruhusu. Ikalipwa nje ya bechi kwa haraka.

Hapo naomba mwone kwamba mfumo haukuharibika. Kinga ya invoisi kujirudia kwenye mifumo mingi inalinganisha namba kama ilivyoandikwa herufi kwa herufi, kwa hiyo kistari, sifuri za mbele, nafasi tupu au herufi O iliyowekwa mahali pa sifuri vinatosha kuipita. Na invoisi ya pili haikufungwa na LPO, iliingizwa kama gharama ya moja kwa moja kwa sababu ya haraka, maana kama ingefungwa na oda mfumo ungesema mzigo huu ulishatozwa wote. Malipo ya haraka ndipo mahali pa kuangalia kwanza kila ukitafuta malipo ya mara mbili.

Sasa kitu ambacho nataka kila anayeshika leja za masaplaya akikamate vizuri. Leja yetu haikuonyesha kitu chochote kibaya. Invoisi mbili ziliingia, malipo mawili yakatoka, salio la saplaya likawa sifuri kwa upande wa hizo hati, safi kabisa kwa macho. Kama ingekuwa invoisi moja imelipwa mara mbili, saplaya angeonekana na salio la debiti na ripoti ya umri wa madeni ingepiga kelele yenyewe. Lakini invoisi ikiingizwa mara mbili na kulipwa mara mbili, kilichovimba ni gharama na kodi uliyodai, na huko hakuna anayeangalia hati moja moja. Ndiyo maana hii ya pili inaweza kukaa hata mwaka. Kinachoitoa ni stetimenti ya saplaya, basi. Sisi ilitoka hivyo, stetimenti yao ilikuwa na mstari mmoja wa 1,150,000 ulioandikwa kwamba ni malipo ambayo hayajapangiwa invoisi.

Bosi alipopata habari neno la kwanza lilikuwa "kateni kwenye invoisi ijayo, tusianze kuandikiana barua". Nikamwambia bosi tusubiri kidogo, kwanza tuhakikishe ni kweli, maana hapa ndipo watu huaibika. Niliwahi kuona ofisi imetuma barua kali ya kudai hela kumbe malipo ya kwanza yalirudi benki kwa sababu ya namba ya akaunti kukosewa, na ya pili ndiyo yaliyofika. Na kuna malipo yanayofanana kila mwezi, ya huduma ya bei moja, ukiangalia kiasi tu utadhani yamejirudia kumbe ni miezi tofauti. Kwa hiyo nilitoa stetimenti ya benki ya kipindi chote nikaona debiti zote mbili, nikaangalia siku zilizofuata kama kuna iliyorudi, hakuna. Nikaweka invoisi ya PDF na ya karatasi sambamba, tarehe moja, namba ya delivari noti moja, idadi ya maboksi moja. Nikaenda stoo kuuliza mzigo umepokelewa mara ngapi, mara moja.

Halafu kabla sijamwandikia saplaya nikapitia malipo yote ya saplaya huyo kwa miezi ya nyuma, maana kudai leo halafu wiki ijayo unarudi na dai lingine inakuvunjia heshima. Hii ni rahisi, ukitoa orodha ya malipo kwenye eksel, jina la saplaya liwe safu B na kiasi safu E, unaweka hii kwenye safu tupu:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,E:E,E2)
```

Popote panapotoa 2 au zaidi ndipo pa kuchungulia. Nasema kuchungulia, si kuhukumu, kwa sababu ya yale malipo yanayofanana kihalali. Usiitafute kwa namba ya invoisi maana namba ndiyo iliyodanganya toka mwanzo. Na kama saplaya huyo amefunguliwa akaunti mbili kwenye mfumo, kwa mfano jina refu na jina la kifupi, hii fomula haitaona, itabidi kwanza uunganishe majina.

Baada ya hapo ndipo leja inarekebishwa, na hapa kuna kosa ambalo nimelikuta kwenye ofisi zaidi ya moja. Watu wanafuta malipo. Wanaona malipo ya pili hayakupaswa kuwepo, wanayafuta kwenye mfumo, halafu mwisho wa mwezi benki hailingani kwa sababu hela ilitoka kweli. Malipo yanabaki. Kinachofutwa ni ile invoisi ya pili, kwa sababu ndiyo hati isiyo na mzigo nyuma yake. Kwetu ilikuwa debiti saplaya 1,150,000, krediti gharama ya maboksi 1,000,000, krediti kodi tuliyodai 150,000. Baada ya hapo leja ya saplaya ikaanza kusema ukweli, kwamba yeye ndiye anayedaiwa na sisi 1,150,000. Na ile kodi ya 150,000 ilikuwa tumeshaidai kwenye ritani, kwa hiyo lazima irekebishwe kwenye ritani kwa utaratibu wa mamlaka ya kodi, haingoji hela ya saplaya irudi. Hata saplaya akikaa mwaka hajarudisha, hiyo kodi mmedai mara mbili na ni yenu kuirekebisha.

Nimeeleza hivyo kirefu kwa sababu ukikata kwenye invoisi ijayo bila kurekebisha leja, unakuwa hauna cha kukatia. Leja inasema saplaya hana deni kwako, wewe unamlipa pungufu, kwa hiyo mfumo unaanza kuonyesha kwamba wewe ndiye unayedaiwa ile tofauti, na siku moja kijana mgeni anaona kuna salio la saplaya halijalipwa, analilipa. Hela imetoka tena.

Sasa swali lenyewe. Kurudisha au kukata.

Mimi siku hizi nikiulizwa nauliza kwanza hiyo invoisi ya kukatia iko wapi. Kama iko mezani, imeshakuja, mzigo umepokelewa, tarehe ya kulipa haijafika, basi kukata ni njia yenye nguvu kuliko kurudishiwa, kwa sababu hela iko mkononi mwako na unachofanya ni kutoitoa. Lakini kama hiyo invoisi ni ile tunayotegemea, oda haijatoka, mkataba unakaribia kuisha, unasema tu "watatuletea mzigo", basi hapo hujakata chochote. Umemkopesha saplaya hela bila riba na bila dhamana, na mkopo wenyewe unategemea wewe uendelee kununua kwake. Ofisini maneno ni yale yale, kukata kwenye invoisi ijayo, lakini ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Kwetu nilikwenda kwa watu wa manunuzi nikauliza, tuna invoisi gani ya huyu bwana ambayo haijalipwa? Moja, `INV-00431`, 380,000. Zingine? Hakuna, labda mwezi ujao. Na kwa mwendo wa 300,000 hadi 400,000 kwa mwezi, 1,150,000 ingekula invoisi tatu au nne, na mkataba wa maboksi ulikuwa unaenda kutangazwa upya. Yaani ilikuwa inawezekana kabisa tumalize mkataba naye akiwa bado ana hela yetu, au mbaya zaidi wa manunuzi waone aibu kumwacha kwa sababu ana hela yetu. Nimeona hilo likitokea, saplaya anaendelea kupewa oda si kwa ubora wala bei, ni kwa sababu watu wanataka kumaliza deni. Inaniuma sana kwa kweli, maana hapo malipo ya mara mbili ndiyo yanayochagua saplaya.

Kulikuwa na la pili ambalo bosi hakulifikiria. Ile 1,150,000 ilitoka kwenye bajeti ya mradi wa mteja, si bajeti ya kawaida ya ofisi. Maboksi ya kila mwezi yanalipwa na bajeti ya kawaida. Tukikata kwenye invoisi za kila mwezi, hela ya mradi inakuwa imelipia matumizi ya kawaida, mradi unaonekana umetumia zaidi na ofisi inaonekana imebana matumizi, na yule mteja ana haki ya kukagua hesabu za mradi wake. Kama unafanya kazi na hela za wafadhili au hela za miradi tofauti tofauti hilo pekee linatosha kukupeleka kwenye kuomba hela irudi pale ilipotoka. Ni vilevile kwa kampuni zenye matawi yaliyosajiliwa mbalimbali, kama kampuni dada ndiyo iliyolipa zaidi na invoisi ya kukatia imeandikwa kwa jina la kampuni nyingine, hapo huwezi kukata tu kienyeji kwa sababu kisheria anayedai na anayedaiwa si watu wale wale. Lazima wote watatu wakubaliane kwa maandishi.

Na soma mkataba. Baadhi ya mikataba ina kipengele kinachosema mnunuzi atalipa invoisi kamili bila kukata chochote, ukikata unakuwa wewe ndiye umevunja mkataba hata kama ni kweli unamdai.

Basi tukaamua kuomba hela irudi. Nikampigia mhasibu wao kabla ya kuandika, mimi naamini sana katika kupiga simu kwanza kwa sababu barua ikitangulia mtu anajihami. Nikamwambia, "Dada, habari za kazi. Naomba ufungue akaunti yetu, kuna hela imekaa hapo haijapangiwa invoisi, nadhani tumeilipa ile 387 mara mbili." Akacheka, akasema, "Kaka, mimi hiyo hela nimeiona toka mwezi uliopita nikajua mnalipa advansi ya oda nyingine." Unaona? Hakuwa na nia mbaya. Ila hakuna saplaya anayeamka asubuhi na kuanza kutafuta nani amemlipa zaidi.

Nikaandika barua fupi yenye namba ya invoisi, tarehe na kiasi cha malipo yote mawili, namba za rejea za benki, nikaambatanisha kurasa mbili za stetimenti ya benki nikafunika miamala isiyohusu, na stetimenti yao wenyewe inayoonyesha ile hela. Hicho cha mwisho ndicho kinachomaliza ubishi, karatasi yake mwenyewe. Nikaomba hela irudishwe kwenye akaunti ile ile iliyotokea na si nyingine yoyote. Hili la akaunti ni la kusimamia kweli kweli. Kuna utapeli wa kudai kurudishiwa malipo ya ziada, mtu anatuma barua kwa jina la mteja wako akiwa na namba ya akaunti yake, kwa hiyo saplaya makini atasita kutuma hela kwenye akaunti asiyoijua, na yuko sahihi. Yule dada alitupigia kwa namba ya ofisi aliyokuwa nayo siku zote, si ile iliyokuwa kwenye barua, akauliza kama barua ni yetu. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Jibu likaja kutoka kwa mwenye kampuni. Hela walishanunulia malighafi, wanakubali deni, wanaomba tukate kidogo kidogo kwenye oda zijazo. Hapo nikajua kwamba hali yao ya hela imebana. Na mtu aliyebanwa ndiye ambaye hupaswi kumwachia deni la kusubiri invoisi ambazo hazijazaliwa, kwa sababu kampuni ikifunga wewe unaingia kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya benki na mara nyingi nyuma ya mamlaka ya kodi. Ila pia ukimkaba saa hiyo hiyo atoe 1,150,000 yote kwa mkupuo, hatatoa, mtaishia kutumiana barua za mawakili kwa hela ambayo wakili ataila.

Tulikaa nao tukafika hapa. Ile invoisi iliyokuwa mezani tayari, `INV-00431` ya 380,000, tunakata 350,000 tunalipa 30,000. Zile 800,000 zinazobaki wanarudisha benki kwa tarehe iliyoandikwa, na mpaka zirudi hakuna oda mpya kubwa. Ikaandikwa barua ya makubaliano, ukurasa mmoja, sahihi za pande zote mbili. Ile 350,000 upande wetu tukaihamisha ndani kwa ndani, bajeti ya kawaida ikairudishia bajeti ya mradi, kwa hiyo zile 800,000 zikirudi mradi unapata 1,150,000 yake kamili. Watu wakaniuliza kwa nini 350,000 na si 380,000 yote, ilikuwa ni kwa sababu saplaya aliomba abakize kitu cha usafiri wa mzigo uliokuwa njiani na sisi hatukuona ubaya.

Hapo kwenye kukata kuna namna ya kuandika ambayo ukikosea kila mtu anachanganyikiwa. Invoisi mpya inaingizwa kwenye leja kwa kiasi chake chote, 380,000, gharama kamili na kodi kamili. Kukata hakupunguzi bei ya mzigo, kunapunguza hela inayotoka tu. Na kama sheria yenu inataka mkate kodi ya zuio, hesabu yake ifanyeni kwa kiasi cha invoisi nzima kama sheria inavyosema, si kwa zile 30,000 zilizotoka benki. Halafu kwenye leja unaifunga ile debiti ya malipo ya ziada na invoisi mpya kwa 350,000, inabaki debiti ya 800,000. Maelezo ya malipo tuliyowatumia yalisomeka hivi: `INV-00431` 380,000, toa 350,000 malipo ya ziada ya `INV-00387` kwa makubaliano ya barua yenu, tumelipa 30,000. Bila mstari huo yule kijana wao wa kufuatilia madeni angeona invoisi ya 380,000 imelipwa 30,000 na angefunga akaunti yetu tusipewe mzigo, na tungerudi pale pale pa kupigiana simu na kulipa haraka.

Wakati tunaandaa hayo yule dada akaniambia kwamba bosi wake anataka watutolee kredit noti ya 350,000 ili mambo yawe rahisi. Nikamwomba asifanye hivyo. Kredit noti ni hati ya kusema mauzo yamepungua, mzigo umerudi au bei imekosewa, na inapunguza kodi pia. Hapa mauzo hayajapungua hata kidogo, maboksi yote tulipokea na bei ilikuwa sahihi, kilichozidi ni hela. Akitoa kredit noti yeye atakuwa amepunguza mauzo na kodi ambayo ni halali, na sisi tukiingiza tutakuwa tumepunguza gharama ambayo ni halali, na kumbuka gharama ya mara mbili tulishaifuta, kwa hiyo tungeifuta mara ya pili. Anachotakiwa ni kuchukua 350,000 kwenye ile hela iliyokaa bila kupangiwa invoisi na kuipangia `INV-00431`, basi. Vilevile asije akaandika invoisi ijayo kwa kiasi kilichopunguzwa tayari, eti "tumeshatoa deni lenu humo". Hiyo inaua ushahidi wote, mkaguzi hawezi kuona mzigo uliuzwa kwa bei gani.

Kwa upande wetu nikaweka zuio kwenye akaunti ya saplaya, malipo yoyote yapite kwangu kwanza, na maelezo mafupi kwenye akaunti kwamba 350,000 imekatwa na 800,000 inarudi benki. Sababu yake ni kwamba malipo ya mara mbili yana pacha wake, kurudishiwa mara mbili. Saplaya anatuma hela, benki yetu inapokea, keshia anaingiza, na huku mtu wa malipo hajui, anakata kiasi kile kile kwenye invoisi nyingine. Kwa miezi miwili mnakuwa nyie ndio mmekula hela ya saplaya, na heshima yote mliyoijenga kwa barua na viambatanisho inaisha. Ukichanganya njia mbili kama sisi hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa hiyo lazima mtu mmoja ashike karatasi moja yenye kiasi cha mwanzo, kilichokatwa, kilichorudi na kinachobaki.

Mwaka wa hesabu ukaisha kabla zile 800,000 hazijarudi, tarehe tuliyokubaliana ilikuwa mbele ya hapo. Mkaguzi akaikuta debiti kwenye orodha ya tunaodaiwa na akataka ihamishwe kwenda upande wa tunaodai, na alikuwa sahihi. Ukiiacha huko inajificha ndani ya jumla ya madeni ya masaplaya wengine na kuonyesha mnadaiwa kidogo kuliko ukweli. Kufidiana kwenye taarifa za fedha kuna masharti, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 32 kinataka uwe na haki ya kisheria ya kukata na uwe unakusudia kweli kulipana tofauti tu au kumaliza pande zote mbili kwa wakati mmoja, na sisi kwa ile 800,000 tulishakubaliana irudi benki, kwa hiyo sharti la pili halikuwepo. Ile barua ya ukurasa mmoja ndiyo iliyojibu maswali yake yote, na pia ndiyo iliyotuokoa tusiandike kwamba deni hilo ni bovu.

Sitaki mtu aondoke akidhani mimi siku zote ni wa kuomba hela irudi. Muda si mrefu baadaye tulikuta msafirishaji mmoja amelipwa zaidi 90,000. Yule analeta invoisi kila wiki za 200,000 hivi, bajeti ile ile, na zilikuwepo mbili mezani hazijafika tarehe. Nilimpigia tukakubaliana, akathibitisha kwa imeili, tukakata yote kwenye malipo ya wiki hiyo hiyo, na leja ikafungwa. Kumwomba yule aturudishie kwa benki ingekuwa kumsumbua mwenyewe na sisi, gharama za kutuma, sahihi za wakubwa wake, wiki mbili za kusubiri, kwa jambo ambalo tulikuwa na uwezo wa kulimaliza kwa maandishi ya mistari mitatu. Nililosimamia ni moja tu, imeili ya kukubali ije kabla ya kukata, na leja irekebishwe kabla ya vyote viwili.

Zile 800,000 za maboksi ziliingia kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza keshia aliiona kwenye benki bila maelezo yoyote akaiingiza kama mapato mengineyo, nikaikuta nikilinganisha karatasi yangu na leja, debiti ya saplaya haikushuka hata senti. Tukaitoa kwenye mapato tukaiingiza krediti kwenye akaunti ya saplaya, inakostahili, na mradi ukapokea hela yake. Awamu ya pili nilimwomba yule dada aandike `INV-00387` kwenye maelezo ya kutuma, ikaingia mahali pake siku hiyo hiyo, nikaondoa zuio kwenye akaunti.